Masoko mawili, bei mbili: mhodhi anavyopanga bei pale wanunuzi wasipofanana

Chukua muuzaji mmoja asiye na mshindani. Anauza bidhaa ile ile katika masoko mawili, na kila uniti moja inamgharimu 20 kuitengeneza. Leo anauza kote kwa bei 46. Soko la kwanza linanunua uniti 37, la pili linanunua 28. Sitataja sarafu, ziwe uniti za fedha yoyote.

Sasa afanye jambo dogo tu. Aondoe uniti moja kutoka soko la kwanza aipeleke soko la pili. Ili soko la kwanza linunue 36 badala ya 37, bei pale inapanda hadi 48. Mapato yake yalikuwa 37 × 46, yaani 1,702. Sasa ni 36 × 48, yaani 1,728. Ameuza pungufu na amepata 26 zaidi. Katika soko la pili, ili wanunue 29 badala ya 28, inabidi bei ishuke hadi 45.5. Mapato yalikuwa 1,288, sasa ni 1,319.5. Huko nako kaongeza 31.5. Hakutengeneza uniti hata moja mpya, hakuajiri mtu, gharama ni zile zile, lakini ana 57.5 mkononi ambazo jana hakuwa nazo.

Hiyo ndiyo mada nzima kwa ufupi. Bei moja kwa wote inamfanya muuzaji aache fedha mezani pale ambapo soko moja lina wanunuzi wasiojali sana bei na jingine lina wanunuzi wanaoijali. Kutoza bei mbili tofauti kwa makundi mawili, bila tofauti hiyo kutokana na gharama, ndiko kunakoitwa ubaguzi wa bei wa daraja la tatu. Jina la madaraja lilitoka kwa mchumi Mwingereza Arthur Cecil Pigou mwaka 1920. Daraja la kwanza ni kumtoza kila mnunuzi kiasi cha juu kabisa anachokubali kulipa, jambo linalohitaji muuzaji asome mioyo ya watu. La pili ni bei inayobadilika kulingana na kiasi unachonunua. La tatu ndilo tunalolikuta mara kwa mara: muuzaji hawajui watu mmoja mmoja, ila ana alama ya kuwagawa, kama umri, uanafunzi au mahali wanapoishi, na ndani ya kila kundi bei ni moja.

Yapo masharti matatu, na mawili ya kwanza yanaeleweka haraka: awe na nguvu ya kupanga bei, na aweze kuyatambua makundi. La tatu, kwamba aliyenunua kwa bei ya chini asiweze kumuuzia aliye kwenye bei ya juu, lina mambo yake. Nitalirudia mwishoni kwa hesabu.

Turudi kwa muuzaji wetu. Masoko yake yana milinganyo hii ya mahitaji:

```
Soko la 1:  P1 = 120 - 2*Q1
Soko la 2:  P2 = 60 - 0.5*Q2
```

P ni bei, Q ni kiasi kinachonunuliwa. Milinganyo hiyo inasema kwamba katika soko la kwanza hakuna atakayenunua bei ikifika 120, na katika soko la pili hakuna atakayenunua ikifika 60. Nitaiita hiyo bei ya ukomo. Ikumbuke, maana itatufaa kuliko inavyoonekana sasa.

Kinachomwongoza mhodhi ni mapato ya nyongeza, MR kwenye vitabu vingi: fedha anazoongeza kwa kuuza uniti moja zaidi, baada ya kutoa kile anachopoteza kwa kushusha bei ya zile alizokwisha kuziuza. Ndiyo maana mapato ya nyongeza huwa chini ya bei. Mahitaji yakiwa mstari ulionyooka, mapato ya nyongeza huanzia pale pale kwenye bei ya ukomo lakini hushuka kwa kasi mara mbili:

```
MR1 = 120 - 4*Q1
MR2 = 60 - Q2
```

Weka 37 na 28 humo. MR1 inatoka hasi 28 na MR2 inatoka 32. (Hesabu yetu ya uniti moja nzima ilitoa 26 na 31.5, tofauti ni kwa sababu uniti nzima ni hatua kubwa, na ukichukua hatua ndogo zaidi utakaribia 28 na 32.) Soko la kwanza linamtoa fedha kwa kila uniti ya mwisho, la pili linamwingizia. Ataendelea kuhamisha hadi mapato ya nyongeza yalingane kote, kwa sababu yakiwa hayalingani bado kuna faida ya bure katika kuhamisha. Na yanapolingana, lazima pia yalingane na gharama ya nyongeza, MC, yaani gharama ya kutengeneza uniti moja zaidi, ambayo hapa ni 20. Yakiwa juu ya 20 atatengeneza zaidi, yakiwa chini atapunguza.

Kwa hiyo sharti ni MR1 = MR2 = MC. Soma vizuri: kinachosawazishwa ni mapato ya nyongeza, bei haimo kabisa. Soko la kwanza: 120 − 4Q1 = 20, hivyo Q1 ni 25 na bei ni 70. Soko la pili: 60 − Q2 = 20, hivyo Q2 ni 40 na bei ni 40.

Faida sasa. Soko la kwanza linampa 50 kwa kila uniti mara 25, yaani 1,250. La pili linampa 20 mara 40, yaani 800. Jumla 2,050. Zikiwapo gharama zisizobadilika, tuseme 500, faida halisi ni 1,550, lakini hizo hazigusi bei hata kidogo, ziwe 5 au 1,500. Zinaamua tu kama atafungua biashara au ataifunga.

Na bei moja ya 46 ilitoka wapi? Jumlisha kiasi cha masoko yote mawili kwa bei moja: Q1 = 60 − 0.5P na Q2 = 120 − 2P, jumla Q = 180 − 2.5P. Ukiugeuza, P = 72 − 0.4Q, na mapato ya nyongeza ni 72 − 0.8Q. Yakilingana na 20, Q ni 65 na P ni 46. Faida ni 26 × 65, yaani 1,690. Kubagua bei kumemwongezea 360.

Hadi hapa sijataja unyumbufu, na nimefanya hivyo makusudi. Unyumbufu wa mahitaji ni asilimia ambayo kiasi kinachonunuliwa kinapungua bei ikipanda kwa asilimia moja. Vitabu husema: mhodhi hutoza bei ya juu katika soko lenye unyumbufu mdogo. Sentensi hiyo ni kweli, lakini ndiyo inayowaangusha wanafunzi wengi kuliko nyingine yoyote katika somo hili, na nimesahihisha madaftari ya kutosha kulisema hilo bila wasiwasi.

Kanuni yenyewe ni hii, e ikiwa unyumbufu ulioandikwa bila alama ya hasi:

```
P = MC / (1 - 1/e)
```

Tuipime. Katika soko la kwanza kwa bei 70, kiasi kinashuka 0.5 kwa kila ongezeko la 1 la bei, hivyo e ni 0.5 × 70/25, yaani 1.4. Kanuni inatoa 20 / (1 − 1/1.4), ambayo ni 70. Soko la pili: e ni 2 × 40/40, yaani 2, na kanuni inatoa 20 / 0.5, yaani 40. Zinaingia kama mkono na glovu, na unyumbufu mdogo umeenda na bei kubwa kama kitabu kilivyosema.

Ila angalia kilichotokea. Nimepima unyumbufu kwenye bei ambazo tayari nilikuwa nimezipata. Vipi mtu asiye na milinganyo, aliyekwenda sokoni leo, bei ikiwa 46 kote, akapima unyumbufu akarudi na namba? Soko la kwanza atapata 0.5 × 46/37, kama 0.62. Soko la pili atapata 2 × 46/28, kama 3.29. Aziweke kwenye kanuni. Soko la pili itamwambia atoze 28.75, wakati bei sahihi ni 40. Soko la kwanza itamwambia atoze hasi 32.86, yaani amlipe mnunuzi ili achukue bidhaa! Kanuni haijakosea. Yeye ndiye aliyeipa unyumbufu wa mahali ambapo hatabaki.

Unyumbufu si rangi ya soko kwamba soko hili ni la 1.4 na lile ni la 2. Ni sifa ya nukta moja kwenye mstari wa mahitaji, nayo hubadilika kila bei inapobadilika, isipokuwa katika umbo moja maalumu la mahitaji ambalo unyumbufu wake umetengenezwa usibadilike. Swali la mtihani likikupa unyumbufu tu na gharama, linakuambia kimyakimya ama kwamba umbo ni hilo maalumu, ama kwamba umepimwa kwenye bei bora. Nje ya hapo, kanuni ni kipimo cha kuthibitisha jibu. Haifai kuwa njia ya kulitafuta.

Unyumbufu chini ya 1, hata hivyo, una ujumbe mmoja ulio wazi popote unapoupata kwa mhodhi: mapato yake ya nyongeza pale ni hasi. Ndiyo ile hasi 28. Mhodhi aliye huru kupanga bei katika soko hilo peke yake hawezi kukaa hapo. Angepandisha bei, auze pungufu na apate zaidi. Muuzaji wetu alikaa hapo kwa sababu bei moja ilimfunga na soko la pili.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunibana kwa swali zuri. "Mwalimu, mstari wa soko la kwanza una mteremko mkali na wa soko la pili umelala. Si ndiyo sababu la kwanza lina bei kubwa?" Nikamwambia abadilishe mteremko wa soko la kwanza kutoka 2 hadi 0.5, ulale sawa na ule wa soko la pili, kisha atafute bei upya. P1 = 120 − 0.5Q1, MR1 = 120 − Q1, Q1 ni 100, na bei ni... 70. Ile ile. Alirudia hesabu mara mbili akidhani amekosea.

Sababu inapendeza. Kwa mstari ulionyooka, unyumbufu katika bei P ni P ukigawa kwa umbali uliobaki hadi bei ya ukomo. Soko la kwanza: 70 gawa kwa (120 − 70), ni 1.4. Soko la pili: 40 gawa kwa (60 − 40), ni 2. Mteremko haumo. Unaamua ni wanunuzi wangapi, hauamui watalipa bei gani. Na bei bora yenyewe huangukia katikati ya bei ya ukomo na gharama ya nyongeza: kati ya 120 na 20 ni 70, kati ya 60 na 20 ni 40. Kwa milinganyo ya namna hii unaweza kutaja bei zote mbili kabla hujashika kalamu, kisha uzitumie kukagua hesabu ndefu.

Sasa ni nani amenufaika na nani ameumia? Kipimo cha kawaida ni ziada ya wanunuzi, yaani tofauti kati ya kile ambacho wangekubali kulipa na kile walicholipa. Kwenye mchoro ni pembetatu iliyo juu ya bei na chini ya mstari wa mahitaji. Soko la kwanza lilikuwa na 1,369 kwa bei 46, likabaki na 625 kwa bei 70: limepoteza 744. Soko la pili lilikuwa na 196, sasa lina 400: limepata 204. Muuzaji amepata 360. Ukijumlisha, 204 na 360 hazifiki 744. Kuna 180 zimepotea bila kumfikia mtu yeyote.

Zimekwenda wapi, na uniti zilizouzwa ni 65 kabla na 65 baada? Jibu limo katika nani amezipata. Kwa bei 70, yupo mtu soko la kwanza anayeithamini bidhaa hii kwa 65 na ameondoka mikono mitupu. Kwa bei 40, yupo mtu soko la pili anayeithamini kwa 41 na amebeba. Bidhaa ni zile zile, ila baadhi zimekwenda kwa watu wanaozithamini pungufu kuliko waliozikosa.

Kwamba kiasi hakikubadilika si bahati. Mchumi Joan Robinson alionyesha mwaka 1933 kwamba mahitaji yakiwa mistari iliyonyooka na masoko yote mawili yakiwa yanahudumiwa hata chini ya bei moja, jumla ya kiasi haibadiliki. Mistari ikipinda, kiasi kinaweza kupanda au kushuka. Na mchumi Richard Schmalensee alithibitisha mwaka 1981, kwa gharama ya nyongeza isiyobadilika, kwamba kama jumla ya kiasi haikuongezeka, ustawi wa jumla, yaani ziada ya wanunuzi pamoja na faida ya muuzaji, hauwezi kupanda. Kwa hiyo anayetetea bei mbili kwa niaba ya umma ana mzigo wa kuonyesha kwamba bidhaa nyingi zaidi zinauzwa.

Mzigo huo wakati mwingine unabebeka. Angalia sharti nililolipitisha kwa haraka: masoko yote mawili yakiwa yanahudumiwa. Dhoofisha soko la pili kidogo, bei yake ya ukomo iwe 40 badala ya 60: P2 = 40 − 0.5Q2. Soko la kwanza na gharama vibaki vilevile.

Kwa bei moja, wengi hufanya kama tulivyofanya juu. Wanajumlisha: Q = 140 − 2.5P, wanageuza, wanasawazisha na 20, wanapata Q 45 na P 38. Bei 38 iko chini ya 40, hivyo soko la pili lipo, na hesabu inaonekana safi. Faida ni 18 × 45, yaani 810. Wanapiga mstari chini ya jibu na kwenda zao.

Lakini muuzaji angeweza kulisahau kabisa soko la pili, akatoza 70 na kuuza 25 kwa soko la kwanza tu. Tayari tunajua faida yake: 1,250. Basi 38 si jibu. Mstari wa mahitaji ya jumla una kiwiko: juu ya bei 40 ni soko la kwanza peke yake, chini yake ni yote mawili. Kila upande wa kiwiko unaweza kuwa na kilele chake cha faida, na hesabu ya kusawazisha hukupandisha kilele kimoja bila kukuambia kwamba upo mwingine mrefu zaidi nyuma yake. Dawa ni moja: tafuta faida ya pande zote mbili kisha uzilinganishe. Katika mfano wa mwanzo pia lazima ifanyike. Huko 1,690 ilishinda 1,250, ndiyo maana 46 ilisimama.

Kwa hiyo chini ya bei moja soko la pili dhaifu halipati kitu. Ruhusu bei mbili: soko la kwanza linabaki kwenye 70, halikuumia hata chembe, na soko la pili linafunguliwa kwa bei 30, katikati ya 40 na 20. Linanunua uniti 20. Muuzaji anaongeza 200, wanunuzi wa pale wanapata ziada ya 100, na hakuna aliyepoteza. Chombo ni kile kile cha ubaguzi wa bei, kilichopoteza 180 katika mfano mmoja, kimeongeza 300 katika mwingine. Tofauti ni ikiwa soko dhaifu lingehudumiwa bila hicho chombo. Ndiyo maana mimi huwa simwelewi mtu anayeulizwa kama bei mbili ni halali au ni dhuluma, akajibu kabla hajauliza swali hilo.

Mpaka hapa gharama ya nyongeza imekuwa 20 tu siku zote, na hilo limetupa urahisi mmoja: kila soko tulilitatua peke yake, kana kwamba jingine halipo. Gharama ikipanda kadiri kiasi kinavyoongezeka, urahisi huo unakwisha. Rudi kwenye masoko ya mwanzo na uweke MC = 0.4Q, ambapo Q ni jumla ya masoko yote, kwa kuwa kiwanda ni kimoja.

Kosa linalofanyika ni kuandika 120 − 4Q1 = 0.4Q1 kwa soko la kwanza na 60 − Q2 = 0.4Q2 kwa la pili. Majibu ni kama 27.3 na 42.9. Utajuaje kwamba ni makosa? Rudisha namba ulikozitoa. MR1 inatoka kama 10.9, MR2 kama 17.1, na gharama ya nyongeza halisi ya kutengeneza zote 70.1 ni kama 28. Namba tatu zilizopaswa kuwa moja.

Njia sahihi ni kuanza na kiwango kimoja cha mapato ya nyongeza, kiite m, na kuuliza kila soko lingechukua uniti ngapi kwa kiwango hicho: la kwanza (120 − m)/4, la pili 60 − m. Jumla ni 90 − 1.25m. Kisha dai kwamba gharama ya nyongeza ya jumla hiyo iwe m yenyewe: m = 0.4 × (90 − 1.25m). Inatoka m = 24, jumla uniti 60, zikigawanywa 24 na 36, kwa bei 72 na 42. Gharama ya nyongeza ni 0.4 × 60, ambayo ni 24. Zimekutana. Na sasa masoko yameunganishwa: soko la pili likikua, gharama inapanda, na bei ya soko la kwanza inapanda nayo ingawa wanunuzi wake hawajabadilika hata mmoja.

Nimeahidi kurudi kwenye sharti la tatu. Katika mfano wa msingi, gharama ya nyongeza ikiwa 20, bei ni 70 na 40. Pengo ni 30, na pengo hilo ni mwaliko. Mtu yeyote anayeweza kununua soko la pili na kusafirisha hadi soko la kwanza kwa gharama chini ya 30 ana biashara. Akiweza kwa 10, bei za 70 na 40 haziwezi kusimama: soko la kwanza litajaa bidhaa zilizopita mlango wa nyuma.

Mhodhi mwenye akili hasubiri hilo. Anajua pengo haliwezi kuzidi 10, hivyo anapanga bei zinazotofautiana kwa 10 haswa. Ukitafuta faida kubwa zaidi kwa sharti la P1 = P2 + 10, unapata bei 54 na 44. Anauza 33 na 32, bado 65 kwa jumla. Faida ni 34 × 33 na 24 × 32, yaani 1,122 na 768, jumla 1,890. Kusafirisha kukigharimu 20, bei ni 62 na 42, na faida ni 2,010. Kukigharimu 30 au zaidi, kizuizi hakimgusi na anarudi kwenye 2,050 yake.

Gharama hiyo ya kusafirisha ni ukuta kati ya masoko. Zipange faida: bila ukuta 1,690, ukuta wa 10 unampa 1,890, wa 20 unampa 2,010, wa 30 unampa 2,050. Kumi za kwanza zilimwongezea 200, za pili 120, za tatu 40. Ndiyo maana wauzaji wanaotoza bei mbili huandika jina la mnunuzi kwenye tiketi, au huuza toleo lisilofanya kazi nje ya eneo fulani, lakini mara nyingi huishia hapo. Ukuta mfupi unatosha kuleta sehemu kubwa ya faida, na matofali ya juu kabisa humgharimu muuzaji kuliko yanavyomrudishia.